Sura ya Tano: Daftari Tupu

Ninapoingia shule ya Kampala kwa mara ya kwanza, siombi kuonyeshwa sera ya ulinzi wa watoto. Sera nitaikuta tu. Imepigwa chapa vizuri, ina sahihi ya mwenyekiti wa bodi, na mara nyingi imebandikwa ukutani ofisini kwa mwalimu mkuu, kando ya picha ya Rais na ratiba ya mitihani. Ninachoomba ni daftari la matukio, ile kaunta buku ambamo shule inatakiwa kuandika kila mtoto aliyeumizwa au aliyesema ameumizwa, aliyeambiwa habari hiyo ni nani, na baada ya hapo kulifanyika nini. Mara nyingi huletewa daftari jipya kabisa, kurasa zake bado zimegandana. Na mwalimu mkuu huniambia, kwa furaha ya kweli, kwamba mwaka mzima shule yake haijapata tatizo.

Watoto 900, mwaka mzima, hakuna hata mmoja. Mwaka 2015 ulifanyika utafiti wa kitaifa Uganda, ukatangazwa 2018, na vijana wa miaka 18 hadi 24 wakaulizwa kuhusu utoto wao. Wasichana 35 katika kila 100 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa wavulana walikuwa 17 katika kila 100. Watoto hao walikaa kwenye madawati ya shule hizi hizi. Kwa hiyo nikiona daftari tupu, ninajua kwamba watoto wapo na maumivu yapo, ila njia ya kutoka kwa mtoto hadi kwenye karatasi imezibwa mahali. Kazi yangu siku hiyo ni kutafuta ilipozibwa, na sera yenye maana ni ile inayoizibua njia hiyo hatua kwa hatua.

Kizibo cha kwanza hukaa palepale tulipoweka mlango. Shule zetu nyingi zina mwalimu mwandamizi wa kike na mwenzake wa kiume, ambao ndio watoto huambiwa wawaendee wakiwa na shida. Ni mpango mzuri, unaofuata desturi ya Buganda ya senga, yule shangazi anayemfunza msichana mambo ambayo mama hawezi kuyasema. Lakini nenda umwulize mwalimu huyo ana vipindi vingapi kwa wiki, na anakaa chumba gani na mtoto. Utakuta ana vipindi sawa na wenzake, hana chumba, na cheo alipewa kwenye kikao cha walimu kwa sababu yeye ndiye mwanamke mwenye umri mkubwa. Halafu mtoto hachagui kwa cheo. Mtoto humwambia anayemwamini, na huyo anaweza kuwa mpishi, metroni wa bweni, askari wa geti au dereva wa basi la shule. Sera inayozungumzia wajibu wa walimu peke yao imewaacha nje watu ambao mtoto huanza nao. Ndiyo maana sentensi ya kwanza ya wajibu ninayowaandikia ni hii: kila mtu mzima anayelipwa na shule, hata kibarua wa siku moja, akisikia au akishuku, anapeleka habari siku hiyo hiyo kabla jua halijazama. Hapimi kama ni kweli. Anapeleka.

Nitaeleza yaliyobaki kwa kisa kimoja. Ni kisa cha kutunga, nimekishona kwa vipande vya miaka mingi ili mtoto yeyote asitambulike, na ndicho ninachotumia katika mafunzo.

Shule ni ya bweni, upande wa Kawempe. Ni Jumanne, saa nne na nusu asubuhi, watoto wako nje kwa mapumziko ya uji. Msichana wa miaka 12, wa darasa la sita, anabaki darasani. Mwalimu wake wa sayansi anamwuliza kama anaumwa. Anasema tumbo. Kisha anasema hataki kwenda tena kwenye masomo ya ziada ya jioni. Mwalimu ananyamaza, anaketi kwenye dawati la karibu. Mtoto anauliza:

"Mwalimu, nikikuambia kitu, utamwambia nani?"

Kila mara ninapofika hapa katika mafunzo, nasimamisha kisa na kuwaomba walimu waandike jibu lao. Wengi huandika: sitamwambia mtu. Wanaandika kwa huruma, na hapo hapo wameshaharibu. Mwalimu aliyeahidi siri ana njia mbili tu, kuivunja ahadi au kuivunja sheria, na mtoto atakayegundua siri yake imetoka hatasema tena kwa mtu yeyote. Mwalimu wa kisa chetu anajibu hivi:

"Mwanangu, nitawaambia watu wachache ambao kazi yao ni kukulinda. Na kabla sijawaambia, nitakuambia ni akina nani."

Mtoto anatazama sakafu, halafu anasema. Ni mwalimu wa hisabati, ilikuwa Jumapili jioni, baada ya wenzake kuruhusiwa kwenda kula.

Mwalimu wa sayansi anauliza maswali mawili tu: "Kisha ikawaje?" na "Usiku huu utalala wapi, na yeye anafika huko?" Hamwulizi kama alishikwa hapa au pale, maana mtoto mwenye hofu hukubali neno analowekewa mdomoni, na miezi baadaye wakili atauliza neno hilo lilitoka kwa nani. Hamwulizi kwa nini hakupiga kelele. Akishajua ni jambo la aina gani, lilitokea lini, na kama hatari bado ipo, anakoma. Anamshukuru mtoto kwa kusema, anamwambia kosa si lake, kisha anachukua karatasi na kuandika maneno yale yale, kwa lugha ile ile. Kama mtoto alisema kwa Kiganda, yanaandikwa kwa Kiganda. Hili nalisisitiza kwa sababu neno kama "yankwata" laweza kuwa alinishika mkono, na laweza kuwa alinibaka. Mwalimu anayelitafsiri kwa Kiingereza kwa haraka, ili ripoti isomeke vizuri, ametoa hukumu bila kujua. Anaandika tarehe, saa, mahali, jina lake na sahihi yake.

Sasa hesabu. Kutoka Jumapili saa moja jioni hadi Jumanne saa nne na nusu asubuhi zimepita saa 39 na nusu. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanza mapema ndivyo zinavyofaa zaidi, kisha zinamezwa kwa siku 28. Mlango utafungwa Jumatano saa moja jioni. Shule ina saa 32 na nusu, na ndani yake kuna usiku mmoja mzima. Vidonge vya kuzuia mimba vina muda mrefu kidogo, saa 120, lakini navyo havipendi kucheleweshwa. Shule inayosema "tutakaa kikao keshokutwa" imekwisha kumnyima mtoto dawa bila mtu yeyote kutamka neno hapana.

Mwalimu wa sayansi anampelekea habari mwalimu mwandamizi wa kike, ambaye anaiandika daftarini, kisha anamjulisha mwalimu mkuu. Neno ninalopigania kila ninapopitia sera ya shule ni hilo hilo: mwalimu mkuu anajulishwa, haombwi ruhusa. Sheria ya Watoto, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inamtaja mwalimu kwa cheo chake kuwa miongoni mwa wanaopaswa kutoa taarifa kwa polisi au kwa afisa wa ustawi wa jamii wakiwa na sababu ya kuamini kwamba haki za mtoto zimevunjwa. Wajibu ni wa mwalimu mwenyewe, na hauishi kwa kumwachia mkubwa wake. Na kama anayetajwa ni mwalimu mkuu, au mwenye shule, jambo ambalo shule zetu za binafsi hazitaki kulisikia, sera iwe imeshasema nani anarukwa na habari inakwenda wapi moja kwa moja.

Inakwenda nje. Kwenye kituo cha polisi kuna kitengo kinachoshughulikia watoto na familia. Katika kila divisheni kati ya zile 5 za jiji kuna afisa wa ustawi wa jamii, ambaye wengi humwita probesheni. Na kuna simu ya bure, Sauti 116, chini ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, ambayo hata mtoto anaweza kuipiga. Ninafurahi kila mara kwamba walipotafuta jina la simu hiyo waliokota neno la Kiswahili.

Mwalimu mwandamizi anampigia mzazi, anampigia afisa wa kitengo, na saa sita wako njiani. Kwenye mkoba ana vitu vitatu: nakala ya maelezo, pesa za nauli kutoka kwenye mfuko mdogo ambao shule iliutenga kwa ajili ya hili, na bahasha ya karatasi yenye nguo ambazo mtoto alivaa Jumapili, zisizofuliwa. Bahasha ya karatasi, si kaveera. Nguo yenye unyevu ikifungwa kwenye plastiki huota ukungu na ushahidi huharibika. Kama nguo zilishafuliwa, au mtoto ameshaoga, wanakwenda hivyo hivyo, maana dawa haijali. Polisi hutoa fomu namba 3A, ambayo mhudumu wa afya huijaza anapomchunguza aliyeumizwa kingono. Fomu hiyo ni bure. Na kama foleni ya kituo ni ndefu au afisa hayupo, wanaanza hospitali ya Mulago, kwa sababu fomu inaweza kujazwa jioni lakini dawa haiwezi kurudisha saa nyuma.

Jioni hiyo hiyo mwalimu wa hisabati anapewa barua ya kukaa mbali na watoto wakati uchunguzi unaendelea. Barua haimwiti mkosaji. Inamtoa tu bwenini, darasani na kwenye masomo ya jioni. Shule haimwulizi maswali, kwa sababu akiulizwa leo, kesho atakuwa amezungumza na kila shahidi. Na hahamishwi. Kuhamisha ndiyo dawa yetu ya zamani: mtu anaombwa aandike barua ya kuacha kazi, anapewa ya kumsifu, na muhula unaofuata yuko Wakiso au Mukono na watoto wengine. Sera iandike wazi kwamba shule haitatoa barua ya sifa kwa mtumishi mwenye kesi iliyo wazi, na kwamba ikiulizwa na shule nyingine itasema kesi ipo.

Usiku, mjumbe wa mwalimu wa hisabati anafika nyumbani kwa wazazi. Hilo katika kisa changu ni la kutunga, lakini sijafundisha ukumbi ambao hakuna aliyeinamisha kichwa nilipofika hapo. Anakuja na maneno ya kuelewana, na pengine na mwenyekiti wa mtaa kama shahidi. Wazazi wanapaswa kuwa wameshaambiwa, mchana ule ule na kwa upole, kwamba kesi hii haiwezi kuuzwa. Kumnajisi mtoto ni kosa la jinai, na mtoto akiwa chini ya miaka 14, au mkosaji akiwa mtu mwenye mamlaka juu yake kama mwalimu, sheria inalihesabu kosa hilo katika daraja lake zito kabisa, lile ambalo adhabu yake inaweza kufika kifo. Halina mwenyekiti wa mtaa anayeweza kulimaliza. Mzazi asiyeambiwa mapema huona pesa zilizo mezani na kesi isiyo na mwisho, na mimi siwezi kumlaumu.

Ninajua jinsi njia hii inavyoharibika kwa sababu niliwahi kuiharibu. Nilikuwa mwalimu kijana, katika shule ambayo siitaji. Mtoto alisema, na sisi tukafanya tulichodhani ni haki: tulimwita ofisini. Tulikuwa watu wazima watano tumeketi, yeye amesimama. Mkuu aliuliza la kwanza, mimi nikauliza la pili. Nilimwuliza kama ana hakika. Kesho yake bodi ilimwuliza tena, na siku ya tatu mwenye kushtakiwa aliletwa waonane uso kwa uso. Katika siku tatu mtoto alieleza mambo matatu yaliyotofautiana kidogo, kwa sababu kila mmoja wetu aliuliza swali lake, na kwa tofauti hizo akaitwa mwongo. Alihama kabla ya muhula kuisha. Swali langu lile ninalikumbuka kuliko mitihani yote niliyosahihisha.

Ndiyo maana katika sera ninazoandika kuna mstari unaosema shule haichunguzi. Shule inasikia, inaandika, inalinda, inapeleka, inafuatilia. Walimu wakuu wengi huuona mstari huo kama tusi kwa busara zao. Nawaambia kwamba kuchunguza ni kazi ya waliofunzwa kuhoji mtoto mara moja tu.

Kufuatilia ndiko kunakochosha. Katika Wilaya ya Luwero, kaskazini ya Kampala, watafiti walifanya kazi katika shule 42 za msingi kuanzia 2012, wakishirikiana na shirika la Raising Voices la hapa Kampala. Waliwahoji watoto 3,706 kwa faragha. Walioeleza mambo mazito kiasi cha kupelekwa kwenye huduma za ulinzi walikuwa 529. Ni kesi 20 tu kati ya hizo zilizoshughulikiwa kwa kiwango ambacho watafiti walikiona cha kutosha. Nina masomo mawili hapo. Mtoto husema, akiulizwa vizuri na mahali pa siri. Na kupeleka habari serikalini si mwisho, maana barua nyingi hufika mezani zikalala. Kwa hiyo daftari langu lina safu ya mwisho yenye tarehe tatu za lazima: kesho yake, baada ya siku 7, baada ya siku 30. Kila tarehe mwalimu mwandamizi anaandika aliongea na nani, cheo chake, na akajibiwa nini. Ikifika siku ya saba hakuna jibu, anapiga 116 na kutaja namba ya kesi. Jina la mtoto halimo daftarini, mna namba tu. Jina liko kwenye bahasha iliyofungwa, kabatini, na funguo ni mbili kwa watu wawili.

Kuna jambo moja ambalo walimu hulikataa kuliko yote, nalo ni kuacha kiboko. Wizara ya Elimu ilikikataza kwa waraka mwaka 2006, na marekebisho ya 2016 yakakifanya kosa linaloweza kumpeleka mwalimu gerezani hadi miaka 3. Bado nakikuta juu ya kabati. Silizungumzi kama jambo la kando ya sura hii. Mtoto aliyechapwa asubuhi kwa kuchelewa hatakuja mchana kumwambia mchapaji siri inayomtisha. Shule za Luwero zilizofuata mpango wa Raising Voices wa kubadili mwenendo wa shule nzima zilipimwa mwaka 2014: watoto waliosema wameumizwa mwilini na watumishi wa shule katika wiki iliyopita walikuwa 31 katika kila 100, na katika shule zisizofuata mpango walikuwa 49. Ni mafanikio makubwa, na bado ni karibu mtoto mmoja katika kila watatu.

Mafunzo basi. Kumsomea mtu sera kwa saa mbili kwenye joto la ukumbi kunamfunza kusinzia. Ninachofanya ni zoezi. Watu wawili wawili, dakika kumi, mmoja ni mtoto na mwingine ni yule aliyeombwa asikie. Wapishi na askari wamo, na kama Kiingereza kinawapiga chenga tunafanya kwa Kiganda au Kiswahili. Katika mzunguko wa kwanza karibu wote huanguka mahali pale pale: wanaahidi siri, wanauliza kwa nini, au wanaanza kumwombea mtoto kabla hajamaliza kusema. Tunarudia hadi mdomo uzoee. Mwajiriwa mpya anafanya zoezi hili kabla ya kukutana na watoto, na shule nzima inalirudia kila mwanzo wa muhula, maana watumishi wa shule za Kampala hubadilika kama abiria wa teksi. Baada ya wiki sita narudi bila taarifa, simwendei mwalimu mkuu, namwendea askari wa geti. Namwuliza: mtoto akikuambia ameumizwa, unafanya nini, kwa nani, lini? Jibu lake ndiyo alama ya shule.

Na siku ya mafunzo tunazunguka uwanja kusoma vile vibao vilivyochomekwa kwenye majani, ambavyo kila shule yetu inavyo. Vinamwambia msichana ajitunze, aepuke zawadi, akatae. Namwomba mtu mmoja anionyeshe kibao kinachomwambia mtu mzima asimguse mtoto, au kinachotaja jina la mtu wa kumwendea. Mara nyingi tunazunguka uwanja wote na kurudi mahali tulipoanzia.

Muhula uliopita nilirudi katika shule moja iliyokuwa na daftari tupu. Mwalimu mkuu alinipa kaunta buku kwa mikono miwili, macho chini, akasema, "Samahani sana, tumepata saba." Nilifungua. Mstari wa saba uliandikwa kwa penseli, kwa Kiganda, kwa herufi kubwa za mtu asiyeandika mara kwa mara. Ulikuwa wa mpishi. Alhamisi, saa saba na robo mchana, jikoni. Chini yake yalikuwa maneno manne ya mtoto, na kwenye safu ya mwisho tarehe zote tatu zilikuwa na sahihi.